Kwangu imekatwa, dukani haijaingia: uzoefu wangu na Lipa Namba ya mtandao mwingine

Lipa Namba naitumia karibu kwa kila kitu, na bado naitumia. Nalipia mafuta, dawa, hata mchicha wa jioni kwa mama wa gengeni kwetu. Laini yangu na Lipa Namba ya muuzaji zikiwa za mtandao mmoja, sina lawama yoyote: ukibonyeza namba ya siri, simu yako na ya muuzaji zinalia karibu kwa pamoja, mnaagana. Ninachokilalamikia hapa ni malipo yanayovuka kutoka mtandao mmoja kwenda mwingine, na hasa ile meseji ya "umelipa" ambayo mteja anatumiwa wakati hakuna mtu mwenye uhakika kwamba muuzaji amepata kitu.

Mitandao yenyewe siitaji. Yaliyonikuta yanaweza kutokea kati ya mitandao yoyote miwili.

Ilikuwa Ijumaa ya mwisho wa mwezi, saa kumi na moja jioni imeshapita, mtaa wa Shauri Moyo, Kariakoo. Nilikuwa nanunua betri ya N70 kwa ajili ya Noah, bei tuliyokubaliana ni shilingi 285,000. Kwenye kioo cha duka kulikuwa na stika ya Lipa Namba ya mtandao tofauti na wangu. Nikaingia kwenye menyu, lipa kwa simu, mitandao mingine, nikaandika namba, nikaandika kiasi, na kabla ya kuingiza namba ya siri likaja jina la duka. Nikamsomea kijana jina hilo, akasema ndilo. Nikathibitisha. Meseji ikaja papo hapo: umelipa shilingi 285,000 kwa duka fulani, namba ya muamala hii, salio lako sasa ni hili.

Simu ya duka ni kiswaswadu kilichofungwa kwa mpira kwenye mguu wa droo ili kisiondoke. Tukakitazama wote wawili. Kimya. Kijana akakizima, akakiwasha, akakitazama tena. "Dada yangu, kwetu haijaingia."

Kauli hiyo ina maana zaidi ya moja, na usipozitenganisha mtagombana bure. Maana ya kwanza, na ndiyo ya mara nyingi, ni kwamba pesa imeingia ila meseji imechelewa. Meseji na pesa ni vitu viwili vinavyosafiri kwa njia tofauti. Mwisho wa mwezi meseji inaweza kusota huku salio la muuzaji limeshapanda. Dawa yake ni kuacha kusubiri meseji na kuangalia salio la Lipa Namba au taarifa ya miamala ya mwisho kwenye menyu ya muuzaji. Tatizo ni kwamba vijana wengi wa dukani hawana namba ya siri ya kuangalia salio, anayo bosi, na bosi hakuwepo. Kijana akampigia. Bosi akaangalia kwenye simu yake, akarudi hewani: hakuna 285,000, cha mwisho kuingia ni 40,000 ya mteja aliyenitangulia.

Maana ya pili ni kwamba pesa imeingia kwa mtu mwingine. Namba moja ikikosewa, au duka likiwa na stika ya zamani ya Lipa Namba iliyofungwa, au mjanja akabandika stika yake juu ya ya kwako, mteja amelipa kweli na muuzaji hajapata kweli. Hapa ndipo lile jina linalotokea kabla ya namba ya siri linapokuwa na faida. Jina lilikuwa la duka. Bosi akaniomba nimsomee na Lipa Namba yenyewe kutoka kwenye meseji yangu, tarakimu kwa tarakimu. Ikawa yake. Hilo tukaliondoa.

Maana ya tatu hawaisemi mbele yako, wanaifikiria: huyu dada ana meseji ya kughushi. Siwalaumu. Kariakoo wameshapigwa sana na watu wanaoonyesha meseji iliyoandikwa na rafiki yao, jina la mtumaji limehifadhiwa kama la mtandao, na mzigo umeshaondoka. Kwa hiyo kumsukumia muuzaji meseji usoni hakusaidii. Nilichofanya ni kupiga menyu mbele ya kijana na kuomba taarifa fupi ya akaunti, yeye akiangalia nikibonyeza. Taarifa hiyo inakuja kutoka kwenye mfumo wakati huohuo, si rahisi kuichezea kama meseji. Ikaonyesha 285,000 imetoka. Sura ya kijana ikalegea kidogo. Lakini tuelewane, taarifa ile inathibitisha kwamba pesa imetoka kwangu tu. Kama imefika ni swali jingine.

Nikapiga huduma kwa wateja. Baada ya muziki mrefu na "mpendwa mteja", dada wa upande wa pili akaangalia na kunijibu kwa uhakika mkubwa: "Muamala wako umekamilika. Mwambie muuzaji awasiliane na mtandao wake." Bosi naye akapiga kwao. Jibu: "Hatuuoni muamala wenye namba hiyo." Mtandao mmoja unasema umekamilika, mwingine unasema haujawahi kuwepo, na wote wawili, nilivyokuja kuelewa, walikuwa wanasema kweli kwa kile walichokuwa wanakiona kwenye kompyuta zao.

Nina ndugu ambaye amefanya kazi ya kulinganisha miamala katika taasisi ya fedha, na yeye ndiye aliyenielezea jioni ile kwenye simu kwa lugha ninayoielewa. Ukilipa ndani ya mtandao mmoja, hakuna safari. Ni daftari moja, linapunguza kwako na kuongeza kwa muuzaji kwa pigo moja. Ama yote yamefanyika ama hakuna kilichofanyika. Ukivuka mtandao, madaftari ni mawili na katikati kuna mfumo wa kupokea na kupeleka. Hapa Tanzania mfumo huo ni TIPS, unaomilikiwa na kuendeshwa na Benki Kuu. Mtandao wangu unaanza kwa kuuliza jina la mwenye Lipa Namba. Likirudi, mimi nathibitisha, wanakata kwangu, kisha wanatuma agizo: muongezee huyu 285,000. Agizo linapita katikati, linafika mtandao wa muuzaji, wao wanaongeza kwenye Lipa Namba yake, halafu wanajibu "tayari". Jibu hilo linarudi njia ileile mpaka kwa mtandao wangu.

Sasa fikiria jibu halirudi. Muda uliowekwa wa kulisubiri unapita, na mtandao wangu unabaki gizani. Huenda agizo halikufika kabisa. Huenda lilifika, muuzaji akaongezewa, ila jibu ndilo lililopotea njiani. Kwa mtandao wangu hali hizi mbili zinafanana kabisa. Wakinirudishia pesa hapohapo na kumbe muuzaji ameshaongezewa, kuna 285,000 mbili duniani na mtandao mmojawapo utailipa. Ndiyo maana hawarudishi. Wanauacha muamala ukining'inia, pesa inakaa kwenye akaunti ya kati isiyo yangu wala ya muuzaji, mpaka madaftari ya pande zote yalinganishwe. Kazi hiyo inafanywa kwa mafaili ya siku nzima, na panapotofautiana lazima mtu akae aangalie. Ijumaa jioni watu hao wameshaenda nyumbani.

Hilo nalikubali. Mfumo unaosita badala ya kubahatisha na pesa za watu ni mfumo wenye akili. Ninalolikataa ni meseji. Kama mtandao wangu haukupata jibu, kwa nini uliniandikia "umelipa"? Kilichofanyika ni kwamba wamekata kwangu na wamekubali kulibeba agizo. Wangeandika "malipo yako yanashughulikiwa, usilipe tena, tutakujulisha", kijana wa duka angesoma, bosi angesoma, na mimi nisingeonekana tapeli mbele ya mafundi wa spea. Na dada wa huduma kwa wateja alipoona "umekamilika" alikuwa anasoma neno lilelile: upande wa kukata umekamilika. Skrini yake haimwonyeshi daftari la watu wengine.

Turudi dukani. Betri naihitaji, Noah imekufa barabarani, saa zinakwenda. Bosi akapendekeza nilipe tena kwa simu, "safari hii itaingia tu". Nikakataa, na ningemshauri yeyote akatae. Kama njia kati ya mitandao miwili ina msongamano, muamala wa pili unapita kwenye msongamano uleule, na ukining'inia nao una madeni mawili ya kufuatilia badala ya moja. Zaidi ya hapo, miamala miwili ya kiasi kimoja, kwa Lipa Namba moja, kutoka laini moja, dakika chache mbali, inawachanganya hata wanaolinganisha: ukiingia mmoja, wataambiana tatizo limekwisha.

Nikaenda kwa wakala jirani, nikatoa taslimu kutoka laini yangu nyingine, nikalipa mkononi. Lakini kabla ya kutoa hela nilimwomba kijana aandike nyuma ya nakala ya risiti ya EFD, kwa kalamu, kwamba betri imelipiwa taslimu, kwamba kuna muamala wa simu wa 285,000 wenye namba fulani ambao haujaingia, na kwamba ukiingia duka litarudisha. Akaandika, akasaini, akagonga muhuri. Bosi aliambiwa kwenye simu akakubali. Risiti ya EFD ni moja na mauzo ni mamoja. Pesa ikija kuingia mara ya pili, duka halina betri ya pili ya kuonyesha. Karatasi hiyo ndogo ilikuja kunisaidia kuliko simu zote nilizopiga.

Wikiendi yote hakuna kilichosogea. Nilipiga tena Jumamosi, nikaambiwa subiri saa kadhaa za kazi, nikauliza saa za kazi zinahesabiwaje Jumapili, nikarudishiwa muziki. Nililolipata la maana ni namba ya lalamiko. Usikate simu bila namba hiyo. Bila yake, kila ukipiga unaanza hadithi upya kwa mtu mpya, naye anakusomea "umekamilika" upya.

Kando kidogo: nililalamika pia kwenye ukurasa wa mtandao wangu wa simu huko kwenye mitandao ya kijamii, na haikupita nusu saa akaunti yenye nembo ya huduma kwa wateja ikaniandikia pembeni, ikitaka namba yangu ya simu na "uthibitisho" wa namba ya siri ili wanirudishie. Hao ni ndugu wa "ile pesa tuma kwenye namba hii". Wanawinda watu waliokatwa pesa kwa sababu wanajua mtu huyo ana haraka na anatarajia kupigiwa. Hakuna mtoa huduma anayehitaji namba yako ya siri kutatua muamala. Anahitaji namba ya muamala, tarehe, saa na kiasi, basi.

Jumatatu asubuhi nikabadilisha swali, na hapo ndipo mambo yalipoanza kwenda. Ndugu yangu alinidokeza kwamba muamala wa kuvuka mtandao unaweza kuwa na namba zaidi ya moja. Kuna ile iliyo kwenye meseji yangu, ambayo ni ya daftari la mtandao wangu tu. Kuna inayotolewa kwa ajili ya safari, ambayo pande zote mbili zinaifahamu. Na ukiongezwa kwa muuzaji, mtandao wake nao unaweza kuupa namba yake. Ijumaa bosi aliwapelekea watu wake namba ya kwanza. Ni kweli hawakuuona. Kwao namba hiyo haina maana yoyote.

Kwa hiyo nilipopiga sikuuliza tena "pesa yangu iko wapi". Nilisema: nina namba ya lalamiko hii, naomba namba ya kumbukumbu ya upande wa mtandao uliopokea. Kijana aliyepokea akanyamaza, akaniomba nisubiri, safari hii bila muziki. Akarudi na namba ndefu zaidi ya ile ya kwangu. Akaongeza, bila kuulizwa, kwamba muamala unaonekana haujapata jibu na umeshapelekwa kwa timu ya malinganisho. Ndiyo mara ya kwanza mtu wa mtandao kuniambia kwa kinywa chake kwamba haukukamilika.

Nikampelekea bosi namba ile. Yeye akafungua lalamiko kwa mtandao wake, kama mwenye Lipa Namba, na akaambatanisha taarifa ya miamala yake ya Ijumaa kuanzia saa kumi na moja hadi saa kumi na mbili, inayoonyesha hakuna 285,000. Hili la lalamiko la pande mbili ndilo wengi hawalifanyi. Mteja anapiga kwake, muuzaji anakaa anasubiri akisema si tatizo lake. Lakini mtandao wa mteja hauwezi kuangalia ndani ya Lipa Namba ya mtandao mwingine, na mtandao wa muuzaji hautakusikiliza wewe kwa sababu wewe si mteja wao. Muuzaji lazima apige. Akigoma, mwonyeshe kwamba huenda pesa hiyo inamsubiri yeye. Mara nyingi atainua simu.

Alasiri ileile, kiswaswadu kikalia. 285,000, jina langu, tarehe ya siku hiyo. Bosi alinipigia mwenyewe, "Dada, hela yako imetua."

Ndipo likaja suala ambalo sikulitarajia. Pesa imetua kwake, na mimi nimeshalipa taslimu. Kurudisha malipo ya Lipa Namba si kitu ninachoweza kubonyeza mimi kutoka kwenye simu yangu, tofauti na pesa iliyotumwa kwa mtu kimakosa. Muuzaji ndiye anayepaswa kutuma, na kutuma kuna makato. Bosi akasema atanitumia baada ya kuondoa makato kwa sababu si yeye aliyekosea. Nami sikukosea. Na mtandao, ambao ndio uliochelewesha, haumo kwenye mazungumzo kabisa. Tulivutana kidogo, nikamkumbusha karatasi yenye muhuri wake iliyosema "litarudisha" bila neno makato, akacheka, akatuma 285,000 kamili. Makato akayabeba yeye. Ni uungwana wake, na kwa sababu yake hilo duka nimeshawaelekeza watu wawili watatu.

Makato yangu ya muamala wa kwanza, yale niliyotozwa kuvuka mtandao kwa pesa iliyokesha njiani wikiendi nzima, niliomba mtandao wangu uyarudishe. Wakasema muamala ulifanikiwa, hivyo makato ni halali. Nimewaandikia barua pepe rasmi nikiambatanisha namba zote mbili na taarifa ya muuzaji. Fedha yenyewe ni ndogo, ya soda na chapati, lakini nataka jibu la maandishi. Wasiponijibu nitalipeleka lalamiko Benki Kuu, kwenye dawati la malalamiko ya watumiaji wa huduma za fedha, kwa kuwa malipo ya simu yako chini yao kwa Sheria ya Mifumo ya Malipo ya Taifa ya 2015. Wengi wanakimbilia TCRA. Hao ni wa mawasiliano. Na Benki Kuu itataka kwanza kuona kwamba umeshalalamika kwa mtoa huduma wako, ndiyo sababu ya barua pepe na ile namba ya lalamiko.

Alama zangu kwa huduma hii: ndani ya mtandao mmoja, tano juu ya tano. Kuvuka mtandao, tatu, na mbili nilizoondoa ni za meseji inayosema umelipa kabla ya jibu kurudi na za huduma kwa wateja inayomrudishia mteja meseji hiyohiyo kama ushahidi. Kwa mchicha na vocha naendelea kuvuka bila wasiwasi. Kwa kiasi cha betri, hasa Ijumaa ya mwisho wa mwezi, siku hizi namuuliza muuzaji kwanza kama ana Lipa Namba ya mtandao wangu. Wengi wa Kariakoo wanazo mbili tatu, ni vile stika nyingine huwa ziko ndani ya droo.